Chupa imeandikwa "Extra Dry", kamati ya harusi imeirudisha inasema ni tamu. Nisaidieni kuzisoma lebo hizi

MamaDuka wa Kisasa
Jumanne, saa 2:14 asubuhi

Wakuu, habari za asubuhi.

Nina duka la vinywaji hapa Kisasa, Dodoma, huu ni mwaka wa sita. Mvinyo wa kwetu nauuza bila shida, kwa sababu mteja ameuzoea na mimi mwenyewe nimeuonja. Mwezi uliopita nilinunua katoni 11 za chupa za Ulaya kutoka kwa mfanyabiashara wa Dar aliyekuwa anafunga stoo. Bei ilikuwa nzuri na chupa ni nzima. Tatizo ni lebo. Kuna Kiitaliano, Kihispania na Kifaransa, na stika ya muagizaji nyuma haisemi chochote zaidi ya jina lake na ujazo.

Wiki iliyopita kamati ya harusi ya Ipagala ilikuja. Walitaka mvinyo wa povu wa kufungulia shampeni, wakasisitiza uwe drai, kwa sababu meza kuu ni wazee watupu na hawapendi sukari. Nikatafuta kwenye rafu, nikaona "Extra Dry". Nikajiambia kama drai inatakiwa, basi hii ni drai kupita kiasi. Nikawapa chupa moja wakaonje kabla ya kulipia katoni mbili. Juzi wamerudi wakaniambia, "Mama, hii ni tamu, umetudanganya." Sikudanganya mtu. Nimesoma kilichoandikwa.

Naziweka hapa chupa nne zinazonisumbua, kama zilivyoandikwa:

Ya kwanza, povu, Italia: "Prosecco", "Denominazione di Origine Controllata", "Extra Dry", 11%. Haina mwaka.

Ya pili, nyekundu, Hispania: "Rioja", "Reserva", 2018, 13.5%.

Ya tatu, nyekundu, Ufaransa: "Réserve", "Pays d'Oc", "Indication Géographique Protégée", na mbele kwa maandishi ya dhahabu "Depuis 1902", 12.5%.

Ya nne, nyekundu yenye povu dogo, Italia: "Lambrusco", "Amabile", 8%.

Ya pili na ya tatu nimeziwekea bei moja kwa sababu zote ni rizevu. Nimekosea? Na ya kwanza nimwambie nini mteja?

Kijana wa Ng'ong'ona
Jumanne, saa 2:51 asubuhi

Mama, shikamoo. Drai maana yake ni kali, yaani ina alkoholi nyingi na inakausha mdomo. Hiyo ya 11% si kali ndiyo maana wazee wameona ni laini. Wape hiyo ya 13.5%, hiyo ndiyo drai.

Rizevu ni mvinyo uliohifadhiwa miaka mingi, kwa hiyo hapo hujakosea, zote mbili ni za daraja la juu. Ila ya Ufaransa ningeipandisha bei. Kama kweli ni vinteji ya 1902 hiyo ni hazina, usiiuze kwa bei ya duka.

Baba Ipagala
Jumanne, saa 3:20 asubuhi

Mimi si wa hiyo kamati, ila niko kwenye kamati nyingine mtaa huohuo. Sisi tulichukua ya povu imeandikwa "Demi-Sec". Katibu wetu akatafsiri: nusu kavu, kwa hiyo itakuwa katikati, itafaa kila mtu. Ilikuwa tamu kama juisi. Akina mama walifurahi, meza ya wazee chupa zilibaki zimejaa. Kwa hiyo Mama hauko peke yako. Nasubiri wanaojua.

Fundi Pipa
Jumanne, saa 6:05 mchana

Nimefanya kazi maabara ya kiwanda cha mvinyo hapahapa Dodoma miaka 14, kazi yangu kubwa ikiwa kupima sukari na asidi. Sasa niko Veyula napumzika. Nitaenda taratibu, nianze na ya povu kwa sababu ndiyo iliyokuletea mgogoro.

Mama, lebo haikudanganya na wazee hawakukosea. Maneno ya utamu yana vipimo viwili tofauti huko Ulaya. Kuna kipimo cha mvinyo mtulivu, yaani usio na povu, na kuna kipimo cha mvinyo wa povu. Neno lilelile likihama kutoka chupa ya kwanza kwenda ya pili linabadilika maana.

Kwa mvinyo mtulivu, ukiona "sec", "secco", "seco" au "trocken", sukari iliyobaki haizidi gramu 4 kwa lita. Inaweza kuruhusiwa kufika 9 kama asidi nayo iko juu, kwa sababu asidi huifunika sukari. Hiyo ni kavu kweli. Kwa gramu 4, chupa nzima ya mililita 750 haina hata kijiko kimoja cha chai cha sukari.

Kwa povu ngazi inapanda hivi. "Brut" ni chini ya gramu 12 kwa lita. "Extra Dry" ni 12 hadi 17. "Dry", ambayo ndiyo hiyohiyo "Sec" au "Secco", ni 17 hadi 32. "Demi-Sec" ni 32 hadi 50. Juu ya hapo ni "Doux" au "Dolce". Angalia vizuri: kwenye povu "Extra Dry" ni tamu kuliko "Brut", na "Dry" ni tamu kuliko "Extra Dry". Katibu wa Baba Ipagala alitafsiri neno sawasawa kabisa, lakini chupa yake ilikuwa na gramu kati ya 24 na 37 za sukari, yaani vijiko sita hadi tisa vya chai.

Mbona wakapanga kinyume hivyo? Ni historia. Karne ya 19 shampeni ilikuwa tamu sana, mara nyingi kuliko hata hiyo "Demi-Sec" ya leo. Wakati huo ukipunguza sukari kidogo tu ulikuwa na haki ya kuita kavu, na ukipunguza tena ukaita kavu zaidi. Waingereza ndio waliosukuma waendelee kupunguza. Walipofika chini zaidi, maneno ya "kavu" yalikuwa yameshatumika yote, ikabidi lije neno jipya, "Brut". Majina ya zamani yakabaki palepale yalipokuwa.

Na sukari hiyo haijasahaulika humo kwa bahati mbaya. Shampeni ikishamaliza kuchachuka ndani ya chupa, masimbi ya hamira huondolewa, chupa hupungua kidogo, nao huijaza kwa mvinyo uliochanganywa na sukari. Hapo ndipo mwenye kiwanda anapoamua itakuwa ngazi gani. Prosecco nyingi huchachuka kwenye tangi kubwa badala ya chupa, lakini uamuzi wa sukari ni huohuo.

Sasa chupa yako ya kwanza. "Extra Dry" ina gramu 9 hadi 13 katika chupa nzima, vijiko viwili au vitatu. Si nyingi. Lakini mzee aliyezoea mvinyo mwekundu mkavu ataihisi mara moja, tena zabibu ya Prosecco, inayoitwa glera, ina harufu ya matunda mabivu, na harufu hiyo humfanya mtu aone utamu hata pale ulipo mdogo. Kamati itafutie "Brut". Ukipata "Extra Brut" au "Brut Nature" ni kavu zaidi, ila hiyo ya mwisho mtu asiyeizoea anaweza kuona kama ndimu.

Naenda kula, nitarudi kwa rizevu.

Kijana wa Ng'ong'ona
Jumanne, saa 6:40 mchana

Asante sana mzee wangu, shikamoo. Kwa hiyo drai haihusiani na ukali? Maana mimi nikinywa mvinyo mwekundu ulimi unakauka kabisa. Nilidhani ndiyo maana ya neno lenyewe.

Fundi Pipa
Jumanne, saa 8:12 mchana

Marahaba kijana. Umeuliza jambo linalowachanganya hata watu wa kiwandani.

Kinachokausha ulimi ni tanini, kitu kinachotoka kwenye ganda na mbegu za zabibu, na kwenye pipa la mbao. Kile kile unachokipata ukitafuna ndizi mbichi. Chemsha chai ya rangi hadi ikolee sana, kisha weka vijiko vitatu vya sukari. Itakuwa tamu na bado itakwaruza ulimi. Kwa hiyo kukwaruza na ukavu wa sukari ni vitu viwili. Kuna mvinyo mwekundu mtamu unaokwaruza, na kuna mvinyo mweupe mkavu kabisa unaoteleza kama maji.

Alkoholi nayo si ukavu, lakini ina uhusiano nao, na hapo ulikuwa umekaribia. Hamira hula sukari ya juisi na kutoa alkoholi. Kwa makadirio tuliyokuwa tukitumia, gramu 17 za sukari kwa lita huzaa asilimia moja ya alkoholi. Twende kwenye chupa ya nne ya Mama, ile "Amabile" ya 8%. Nane mara 17 ni 136. Kama juisi ilianza na gramu 180 hivi, maana yake zimebaki kama 44 ambazo hamira haikuzila, kwa sababu walipoza tangi na kuchuja kabla haijamaliza. Kwa hiyo hata usipojua neno la Kiitaliano, hiyo 8% inakuambia: sukari ipo humu. Na neno lenyewe linathibitisha, "Amabile" ni tamu kiasi, inazidiwa na "Dolce" tu. Hiyo wauzie wanaopenda utamu, tena iwe baridi.

Hesabu hiyo ina mpaka. Mvinyo ulioongezewa pombe kali, wa 17% hadi 20%, mara nyingi ni mtamu sana pamoja na ukali wake, kwa sababu ile pombe iliyoongezwa iliua hamira katikati ya kazi. Usitumie hesabu yangu huko.

Nesi Makole
Jumanne, saa 8:55 mchana

Fundi, nimefuata uzi kwa sababu ya baba mkwe wangu. Ana kisukari, na amekuwa akiniambia anakunywa drai kwa sababu haina sukari kwa hiyo ni salama. Sasa nikisoma hapa naona kama ana haki, gramu 4 kwa lita ni kidogo sana. Hizo "Brut" naye anaweza?

Fundi Pipa
Jumanne, saa 9:30 alasiri

Dada Nesi, mimi nilipima mvinyo, sikupima watu. Kuhusu sukari peke yake, ndiyo, glasi ya mvinyo mkavu ina sukari chache mno. Lakini swali la Mama lilikuwa la ladha, na la baba mkwe ni la dawa. Wewe ndiye unayejua zaidi hapo.

Kitu ninachoweza kukupa ni hiki. Mvinyo wa Ulaya uliotengenezwa baada ya tarehe 8 Desemba 2023 unatakiwa uoneshe viungo na nishati, na mara nyingi kuna kile kimraba cha kuskani kwa simu. Ukikiskani utakuta jedwali lenye sukari kwa kila mililita 100. Hapo hutegemei neno tena, unasoma tarakimu. Zidisha kwa 10 upate ya lita.

Nesi Makole
Jumanne, saa 10:02 alasiri

Nimekuelewa. Na kwa wengine wanaosoma: mgonjwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari, hatari inayonitia hofu zaidi ni alkoholi yenyewe. Inaweza kushusha sukari ya damu hadi mtu akaanguka saa kadhaa baadaye, hasa kama hajala. Kwa hiyo "haina sukari" si hoja ya usalama. Baba nitampeleka kliniki aongee na daktari wake. Endeleeni na rizevu.

MamaDuka wa Kisasa
Jumanne, saa 12:18 jioni

Fundi, Mungu akubariki. Nimeshatenga "Extra Dry" na "Brut" kwenye rafu tofauti. Kumbe "Brut" ninazo chupa tisa, zilikuwa nyuma kabisa. Nimesikia mtu mmoja anasema jina lake linatisha ndiyo maana haulizwi.

Nasubiri ya pili na ya tatu, kwa sababu hapo ndipo pesa yangu ilipo. Kuna mteja ameshanunua mbili za "1902" akisema ni za kumpa bosi wake.

Fundi Pipa
Jumanne, saa 2:45 usiku

Mama, mrudishie huyo mteja maelezo haraka kabla bosi hajafungua.

"Depuis" ni "tangu". Hiyo 1902 ni mwaka ambao familia au kampuni inadai ilianza biashara. Utakutana nayo kwa Kiitaliano kama "Dal", kwa Kihispania na Kireno "Desde", kwa Kijerumani "Seit". Mwaka wa mavuno hukaa peke yake, au una neno kama "Millésime", "Vendemmia", "Cosecha", "Colheita" au "Jahrgang" kando yake. Mwaka wenye "tangu" mbele si vinteji. Geuza chupa, tazama na kwenye shingo. Usipouona mwaka mwingine, basi mvinyo huo hauna mwaka, na huenda umechanganywa wa miaka tofauti.

Hapo nimrudie kijana wetu. Vinteji haimaanishi wa zamani. Ni mwaka zabibu zilipochumwa, basi. Kwa sheria ya Ulaya angalau asilimia 85 ya zabibu ziwe za mwaka huo ulioandikwa. Vinteji ya mwaka jana ni vinteji. Na kwa mvinyo mwingi wa bei ya kawaida, mwaka una kazi kinyume na watu wanavyodhani. Unakuonya kwamba umechelewa. Mvinyo mweupe mwepesi au wa waridi wenye miaka mitano, uliokaa kwenye stoo ya Dar na joto lile, kisha ukaja kukaa dirishani kwako jua la saa tisa, ununuzi wake ni hasara. Utauona umegeuka rangi ya dhahabu iliyofifia kuelekea kahawia, na unanuka kama tofaa lililokatwa likaachwa mezani. Kama kizibo kimesukumwa juu kikavimba chini ya karatasi, au kuna michirizi ya mvinyo shingoni, umepata joto njiani.

Sasa rizevu. Hispania neno "Reserva" lina sheria. Mvinyo mwekundu wa Rioja ukiandikwa hivyo, lazima umekaa angalau miaka mitatu kabla ya kuuzwa, ndani yake angalau mwaka mmoja kwenye pipa la mwaloni na angalau miezi sita kwenye chupa. Yako ni ya 2018. Rioja huchuma Septemba na Oktoba, kwa hiyo haikuweza kuuzwa kabla ya mwisho wa 2021. Mwaka na neno vinathibitishana. Geuza chupa nyuma utakuta kijikaratasi kidogo cha bodi ya Rioja chenye namba. Kwa "Crianza" kina rangi nyekundu, kwa "Reserva" ni rangi ya mvinyo uliokolea, kwa "Gran Reserva" ni buluu. Hicho ndicho cha kumwonesha mteja.

Italia nako "Riserva" ina sheria, ila muda unatofautiana kwa kila eneo. Chianti ni miaka miwili, Barolo ni miaka mitano. Usichukue muda wa mmoja ukaupeleka kwa mwingine.

Ufaransa "Réserve" haina muda wowote kisheria. Mtengenezaji anaweza kuwa ameweka mvinyo wake bora humo kwa uaminifu, na wengine hufanya hivyo. Anaweza pia kuwa amependa neno lenyewe. Lebo haiwezi kukuambia ni yupi kati ya hao wawili. Marekani ni vivyo hivyo kwa sheria ya nchi. Kwa hiyo tofauti ya herufi chache, "a" mwishoni au "e" yenye alama, ndiyo tofauti ya miaka mitatu ya kusubiri.

Ushauri wangu, zisiwe bei moja.

Baba Ipagala
Jumanne, saa 3:10 usiku

Na hayo maneno marefu ya "Denominazione" na "Indication"? Ni daraja la ubora? Mwenye duka mmoja aliniambia yakiwepo basi mvinyo ni mzuri.

Fundi Pipa
Jumanne, saa 3:38 usiku

Ni uzio wa jina. Yanasema zabibu zimetoka wapi na zimetengenezwa kwa masharti gani: aina zipi, tani ngapi kwa hekta, alkoholi isipungue ngapi. Hayasemi utaupenda.

Mfano ni hiyohiyo Prosecco. Zamani watu waliita zabibu yenyewe prosecco. Mwaka 2009 Waitaliano wakalifanya jina hilo kuwa la eneo la kaskazini mashariki mwa nchi yao, zabibu ikaitwa glera. Tangu hapo mkulima wa nchi nyingine akipanda glera ileile, kwenye soko la Ulaya hawezi kuandika Prosecco.

Ukubwa wa eneo una maana. "Pays d'Oc" ni eneo kubwa sana la kusini mwa Ufaransa na masharti yake ni mepesi. "Indication" ni uzio mpana, "Appellation" ni uzio mwembamba. Rioja Mama aliyonayo ikitazamwa vizuri itakuwa na "Denominación de Origen Calificada", hadhi waliyoipata 1991, ngazi ya juu kwa Hispania. Lakini nimeonja vya uzio mpana vilivyonifurahisha na vya uzio mwembamba vilivyonichosha.

Mkulima Mpunguzi
Jumanne, saa 4:20 usiku

Mbukwenyi.

Nimesoma yote. Mimi nina ekari mbili na nusu za zabibu za mvinyo Mpunguzi, nilirithi kwa baba. Hilo la uzio limenigusa na hilo la mwaka limeniacha na swali.

Huko kwao mzabibu unalala baridi, wanachuma mara moja. Sisi tunakata matawi mara mbili na tunachuma mara mbili. Mimi nachuma Machi, na nachuma tena Agosti kuelekea Septemba. Zabibu za Machi zimenyeshewa, zinavimba maji, ukungu unazisumbua, sukari iko chini. Za Agosti zimeiva kwenye ukame na usiku wa baridi, ni ndogo na zina sukari. Hata mnunuzi akija na kile kipimo chake cha kutazamia kwenye jua anaona tofauti. Kwangu ni zabibu mbili tofauti kutoka mti mmoja.

Sasa chupa ikiandikwa 2023, ni ya Machi au ya Agosti? Maana kwa sheria hiyo ya asilimia 85 zote mbili zimechumwa 2023.

Fundi Pipa
Jumatano, saa 1:30 asubuhi

Mzee wangu, umegonga mahali ambapo sheria zao hazikutuwazia.

Hata kwao kuna mkanganyiko mdogo. Afrika Kusini wanachuma Januari hadi Aprili, kwa hiyo mvinyo wao wa 2023 ni mkubwa kwa karibu nusu mwaka kuliko wa Ulaya wa 2023. Hilo linajulikana na wanunuzi wanalihesabu. Letu ni gumu zaidi, kwa sababu tarakimu moja inabeba mavuno mawili yenye tabia tofauti.

Maabara tulikuwa tunaandika tangi "M" na "A", lakini mara nyingi mwisho wa siku yalichanganywa. La Machi lina asidi nzuri na sukari kidogo, la Agosti lina sukari na asidi imeshuka. Ukiyaoanisha unapata kitu kilicho sawa. Mimi mwenyewe niliunga mkono kuchanganya, na bado naamini kwa mvinyo wa kila siku ni sahihi.

Kijana wa Ng'ong'ona
Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Basi si waandike na mwezi? "Mavuno ya Agosti 2023". Ulaya wanachuma mara moja, hawana haja ya kuandika hivyo. Ingekuwa alama yetu.

Mkulima Mpunguzi
Jumatano, saa 2:40 asubuhi

Ikiandikwa hivyo, mjukuu wangu, nani atanunua zabibu zangu za Machi? Nusu ya mwaka wangu iko humo. Mti haujui mwezi wa lebo.

Fundi Pipa
Jumatano, saa 3:15 asubuhi

Anachosema mzee ni kweli na anachosema kijana ni kweli. Za Machi zingeweza kupata njia yake, kwa mfano mvinyo wa povu hutaka zabibu zenye asidi na sukari ndogo, kwa sababu sukari huongezwa baadaye ili uchachuke mara ya pili, na hapo alkoholi hupanda tena. Lakini tangi la kuhimili mgandamizo na mashine ya kujazia ni gharama ambayo viwanda vingi vidogo hapa haviwezi. Sina jibu la kukupa mzee.

MamaDuka wa Kisasa
Ijumaa, saa 11:20 jioni

Narudisha mrejesho.

Kamati ya Ipagala imechukua "Brut" zote tisa na "Amabile" sita za akina mama. Niliwaonjesha "Brut" na "Extra Dry" glasi mbili bila kuwaonesha chupa, mwenyekiti akaisukuma "Extra Dry" upande wa mwalikwa wake akasema, "Hii ndiyo ile ya juzi."

Kijikaratasi cha Rioja nimekikuta nyuma, rangi ya mvinyo uliokolea kama Fundi alivyosema, na namba ipo. Bei imebaki palepale. "Réserve" nimeishusha, na nimeandika kwa kalamu chini ya rafu: 1902 ni mwaka wa kampuni. Mteja wa bosi nimempigia, akaja akabadilisha zote mbili na Rioja, akaongeza pesa.

Imebaki moja. Chini ya katoni nimekuta chupa nyeupe ya Kijerumani, nyembamba na ndefu, imeandikwa "feinherb", 10.5%, 2020. Si "trocken" na si neno la tamu kati ya yale uliyotaja. Rangi bado ni ya majani mabichi, haijageuka. Fundi, hii niiweke rafu gani?

Fundi Pipa
Ijumaa, saa 1:50 usiku

Hilo neno halina kikomo cha gramu, Mama. Wajerumani hulitumia kwa mvinyo unaokaribia ukavu lakini haujaufikia, na kila mtengenezaji ana kiasi chake. 10.5% inaniambia kuna sukari kidogo imebaki. Ifungue moja uonje, kisha uniambie.